Neno la Mhariri: Kabla ya Kuongeza Kidonge, Tazama Sahani

Mkazi wa Mwanza akiambiwa kwamba trigliseridi zake ziko juu, yaani ana mafuta mengi kwenye damu, yanayofuata yanajulikana. Atashauriwa apunguze nyama choma na pombe, afanye mazoezi, ameze vidonge, kisha arudi kupimwa baada ya miezi michache. Wengi wanaofuata ushauri huo hupata nafuu. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya wale ambao hawapati nafuu hata wakitii kila neno, na ambao mara nyingi huishia kulaumiwa kwamba wanakula kwa siri.

Ugonjwa wao huitwa sindromu ya kurithi ya kailomikroni. Duniani hukadiriwa kumpata mtu mmoja au wawili katika kila milioni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 3.7 mkoani Mwanza. Kwa kadirio hilo, mkoa huu peke yake ungekuwa na wagonjwa kati ya wanne na saba hivi. Ni wachache, lakini kila mmoja wao anaweza kufa kwa uvimbe wa kongosho, tena akiwa kijana asiyekunywa pombe wala kuwa na kitambi.

Mafuta tunayokula hupakiwa na utumbo katika chembe ziitwazo kailomikroni, nazo huingia kwenye damu. Katika kuta za mishipa midogo kabisa ya misuli kuna kimeng'enya kiitwacho lipoproteini lipesi. Kazi yake ni kuzivunja chembe hizo ili mafuta yatumike au yahifadhiwe. Kwa mtu mwenye afya, baada ya saa chache damu huwa imeshasafishika. Mgonjwa wetu amerithi jeni mbovu kutoka kwa baba na pia kwa mama, ambao wao wenyewe kwa kawaida huwa wazima. Kimeng'enya chake hakifanyi kazi, au kimekosa kisaidizi chake. Kwa hiyo mafuta ya mlo wa jana bado yamo kwenye damu wakati ya leo yanaingia.

Trigliseridi za kawaida zilizopanda zina kisa kingine. Huko kimeng'enya kipo ila kimezidiwa: na kisukari kisichodhibitiwa, na pombe, na unene, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, au na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Ukiondoa mzigo, kinashika kazi. Fibreti nazo humsaidia mgonjwa wa namna hii kwa sababu huuamsha mwili utengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi zaidi. Lakini ambaye jeni yake inatoa kimeng'enya kibovu, fibreti itamwongezea nini? Statini hulenga kolesteroli, ambayo siyo tatizo lake. Vidonge vya mafuta ya samaki hupunguza trigliseridi zinazotengenezwa na ini, hali shida yake ni mafuta yanayotoka utumboni, na vidonge hivyo vyenyewe ni mafuta yanayopakiwa kwenye kailomikroni zilezile.

Hapa pana mtego unaowanasa hata madaktari makini. Kijana analetwa na maumivu makali ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni. Trigliseridi zake ni milimoli 35 kwa lita, wakati zinapaswa kuwa chini ya 1.7. Anazuiwa kula, anawekewa dripu na kuanzishiwa fibreti. Baada ya siku chache kipimo kimeshuka sana, anaruhusiwa kwenda nyumbani, na dawa inapewa sifa. Kilichofanya kazi ni kule kutokula: mafuta mapya yaliacha kuingia. Akirudi kwenye chakula cha nyumbani huku akimeza dawa yake kwa uaminifu, baada ya wiki chache damu inakuwa nyeupe tena.

Mtego wa pili uko maabara. Damu yenye mafuta mengi kiasi hicho huvuruga baadhi ya vipimo, na kipimo cha amilesi kinaweza kusomeka kawaida ilhali kongosho limevimba kweli. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kupewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani.

Maabara hiyohiyo, hata iwe ndogo, inaweza kutoa dokezo bila gharama. Chukua majimaji yaliyotenganishwa na chembe za damu, yaache yakiwa yamesimama kwenye jokofu usiku kucha. Kailomikroni ni nyepesi, hivyo asubuhi zitakuwa zimeelea juu kama malai. Ukiona chini yake majimaji ni maangavu, shaka ya ugonjwa wa kurithi inapanda. Yakiwa na ukungu, kuna mafuta yaliyotoka kwenye ini pia, na mara nyingi huo ni ule uzidiwaji wa kawaida. Hilo ni dokezo tu, uthibitisho unatoka kwenye kipimo cha jeni. Lakini ukiongeza umri mdogo, maumivu ya tumbo yanayojirudia tangu utotoni na dawa zisizofua dafu, una sababu za kutosha za kuanza kushughulika na sahani wakati ukisubiri kipimo.

Kiwango kinachohitajika ni kikali: mafuta yasizidi gramu 15 hadi 20 kwa siku, ya kila aina. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina gramu 14. Konzi ya karanga ina kama hizo, na nusu ya parachichi pia. Ndiyo maana maneno "punguza mafuta" hayamsaidii mgonjwa huyu. Ushauri anaopewa mwenye presha, kwamba alizeti ni bora kuliko samli, kwake hauna maana, kwa kuwa yote mawili yanaishia kwenye kailomikroni. Nazi pia si kimbilio. Yapo mafuta maalumu ya tiba yenye minyororo ya kati, yanayokwenda moja kwa moja kwenye ini, ila sehemu kubwa ya mafuta ya nazi haifuati njia hiyo.

Tuipime siku moja ya kijana huyo kwa chakula cha huku ziwani. Asubuhi ale michembe au viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi: chini ya gramu moja. Mchana ugali wa robo kilo ya unga wa sembe, gramu 4, pamoja na minofu ya sato wa kuchemsha gramu 150, nyingine 4, na mchicha wa kuchemsha. Usiku wali na maharage, gramu 2. Jumla ni kama 11. Dona, tunayowahimiza wengine wote waile, ingeleta karibu gramu 10 kwa ugali uleule, maana kiini cha hindi kina mafuta. Karanga zinazotwangwa na kutiwa kwenye michembe au mlenda zingemaliza mgawo wake wa siku, na mapanki ya sangara yaliyokaangwa yangeupita mbali.

Nafasi iliyobaki ijazwe na kijiko kimoja cha chai cha alizeti, gramu 4 au 5, kwa sababu kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Vitamini A, D, E na K zifuatiliwe. Soda na sukari nyingi zisichukue nafasi ya mafuta, kwani ini huzigeuza kuwa trigliseridi. Pombe asiiguse kabisa.

Dawa mpya zinazopita nje ya kimeng'enya hicho zipo: volanesoseni iliidhinishwa Ulaya mwaka 2019, na olezaseni Marekani Desemba 2024. Ni ghali mno, na hata huko hutolewa pamoja na mlo huuhuu.

Kwa hiyo ninawaomba waganga wa kanda hii: mkipata mgonjwa mwenye trigliseridi zaidi ya milimoli 10 katika vipimo vitatu mfululizo, na hamwoni kisukari, pombe wala dawa ya kulaumu, acheni chupa ya majimaji ya damu yake kwenye jokofu usiku mmoja kabla ya kumwongezea kidonge kingine. Kisha mwandikieni mlo kwa gramu, na mkae na anayempikia.