Dowans ilishinda siku ya kusaini

Makamanda, kila serikali inapodaiwa mabilioni na kampuni la nje, nasikia swali lilelile vijiweni na kwenye magrupu: kwani majaji wetu hawawezi kukataa tu? Jibu langu ni kwamba wakati huo huwa tumeshachelewa. Tuichukue Dowans, maana pale kila hatua inaonekana.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani, TANESCO ikasaini mkataba wa umeme wa dharura na Richmond. Baadaye mkataba ukahamishiwa Dowans. Ndani yake kulikuwa na kipengele ambacho wengi hatukukisikia wakati ule: mgogoro wowote utaamuliwa na wasuluhishi kwa kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, ICC, yenye makao Paris, na uamuzi wao utakuwa wa mwisho.

Neno "usuluhishi" linadanganya. Mtu anadhani ni wazee wamekaa kupatanisha. Hapana. Hawa wanasikiliza mashahidi, wanasoma nyaraka, halafu wanaandika uamuzi unaoitwa tuzo. Kwa kawaida kila upande unapendekeza msuluhishi wake, na wa tatu anakuwa mwenyekiti. Ukishasaini kipengele hicho umekubali kwamba hawa ndio mahakama yako.

Februari 2008 ripoti ya Kamati Teule ya Bunge ikalipua sakata la Richmond, Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, na mwaka huohuo TANESCO ikavunja mkataba. Mitaani tulishangilia. Dowans wao wakaenda ICC.

TANESCO ilijitetea kwamba mkataba ulikuwa batili kwa sababu sheria ya manunuzi ilikiukwa. Wasuluhishi wakaikataa hoja hiyo. Novemba 2010 wakatoa tuzo: TANESCO ilipe zaidi ya dola milioni 65, kama shilingi bilioni 94 kwa wakati ule.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Tuzo yenyewe haina polisi wala dalali. Aliyeshinda lazima aipeleke mahakamani isajiliwe, na ikishasajiliwa inakaziwa kama hukumu nyingine yoyote. Dowans wakaja Mahakama Kuu Dar es Salaam. TANESCO wakapinga, wanaharakati nao wakapinga.

Septemba 2011 Jaji Emilian Mushi akaruhusu tuzo isajiliwe. Watu walimshambulia sana, lakini msingi wa alichosema ndio sheria ya usuluhishi karibu dunia nzima: mahakama haikai kama rufaa juu ya wasuluhishi. Haiulizi kama walipima ushahidi vizuri. Inauliza mambo machache tu. Je, walikuwa na mamlaka? Je, kila upande ulisikilizwa? Je, kulikuwa na mwenendo mbaya? Je, tuzo inapingana na maslahi ya umma? Na pande zote zilikuwa zimeshakubaliana kwenye mkataba kwamba uamuzi ni wa mwisho. Kusema "wasuluhishi wamekosea" hakutoshi. Lazima uonyeshe walichezea utaratibu, na hilo ni gumu mno.

Kuna anayesema basi tusilipe tu, watatufanya nini? Upo Mkataba wa New York wa 1958, na Tanzania ni mwanachama. Tuzo iliyotolewa nchi moja inaweza kukaziwa nchi nyingine mwanachama. Dowans hawakusubiri Dar peke yake, walifungua shauri London pia. Na Agosti 2017 Tundu Lissu aliwaambia Watanzania kwamba Bombardier yetu imezuiwa Kanada kwa sababu ya deni la mkandarasi wa barabara aliyevunjiwa mkataba. Ndege ile ilifika nyumbani Aprili 2018. Hapa ndani huwezi kwenda kukamata mali ya serikali kwa dalali wa mahakama, sheria inazuia. Huko nje mali ya kibiashara haina uhakika huo.

Kwa hiyo mimi sioni maana ya kuelekeza hasira zote kwa jaji wa hatua ya mwisho. Vita iko kwenye karatasi kabla ya wino kukauka. Wabunge wanapoletewa habari za mkataba mkubwa, wasiishie kuuliza bei. Waulize: usuluhishi utafanyikia wapi, kwa kanuni za nani, nani anateua wasuluhishi, tumekubali kuachia haki ya kupinga? Na kabla waziri hajatangaza jukwaani kwamba "tumeuvunja", mwanasheria aseme kwanza kama ushahidi wa ufisadi upo wa kusimama mbele ya wasuluhishi, maana pale ndipo mahali pekee utakaposikilizwa kikamilifu.

Makofi ya 2008 yalikuwa matamu. Bili ilikuja 2010, na waliosaini hawakuilipa wao.