Wateja wetu, sasa mnaweza kulipa mkiwa mezani



Juzi mteja wetu alikosea tarakimu moja ya till. Shilingi 350 za pilau na chai zikaenda kwa duka lingine. Yeye alikuwa amelipa, sisi hatujapata. Nani abebe hasara? Ndiyo maana tumebandika QR kwenye kila meza.

Fungua programu ya pesa kwenye simu yako, chagua kuskani, kisha elekeza kamera kwa ile QR. Namba yetu itajijaza yenyewe. Kiasi utaandika wewe kulingana na bili, maana QR yetu haijui umekula nini.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina. Likiwa si lile lililo mlangoni kwetu, usilipe, mwite mhudumu. Mtu anaweza kubandika stika yake juu ya yetu, pesa zikaingia kwake. Ukipapasa ukahisi karatasi mbili, tuambie.

Una kabambe, au bando imeisha? Till imeandikwa chini ya QR. Lipa kama kawaida, lakini usitoke kabla ya kusoma jina kwenye meseji. Kwa maoni yetu, kusoma jina ni kazi ndogo kuliko kufuatilia pesa zilizopotea.

Karibuni mezani.