Soksi haina vidole, sasa itafunza watoto kunawa aje?

Kama umewahi kuandika mchezo wa vikaragosi wa kufunza watoto kunawa mikono, hebu rudi usome maagizo yako ya jukwaani. Naweza kubeti uliandika maneno mawili tu: "Ananawa mikono." Mimi pia niliandika hivyo, na maneno hayo mawili ndiyo yaliniharibia shoo ya kwanza.

Ilikuwa nasari moja mtaani, watoto kama thelathini hivi. Kikaragosi wangu, Kasoksi, ni soksi ya kijivu yenye macho ya vifungo. Sehemu ya kunawa ilipofika, nilimsugua kwa ukingo wa beseni sekunde mbili, akasema, "Sasa niko safi!" Makofi. Kisha watoto wakapelekwa kwa mtungi wa maji kabla ya uji. Wakafanya vile vile: gusa maji, pangusa kwa shati, keti. Ungewalaumu? Waliiga walichoona.

Shida ni kwamba soksi ni mdomo tu. Vidole vyako vinne ndio taya la juu, kidole gumba ndio la chini. Kunawa nako ni kazi ya vidole. Panaposahaulika zaidi ni kidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole, na Kasoksi hana hata kimoja. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kikaragosi asinawe. Awe yule asiyejua, na watoto wamfunze kwa mikono yao wenyewe.

Hii hapa sehemu niliyoandika upya:

KASOKSI: (Sauti nyembamba, ya haraka. Anainamia sahani, mdomo wazi.) Chapati! Nakula!

SHOSHO: (Sauti nzito, ya polepole. Anainuka taratibu nyuma ya pazia.) Kasoksi, umetoka wapi?

KASOKSI: (Anageuza uso pembeni. Sauti inashuka.) Chooni. Lakini nimenawa, shosho. Nimegusa maji.

(Anawageukia watoto. Kimya. Mchezaji ahesabu moyoni hadi tano, asiwajibie.)

KASOKSI: (Ananong'ona.) Si maji yanatosha?

(Watoto wakitaja sabuni, anaruka mara moja.)

KASOKSI: Sabuni! Lakini mimi sina vidole. Nionyesheni kwa vyenu!

(Mchezaji wa pili anatoka mbele ya pazia, mikono mitupu. Anasugua kiganja kwa kiganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kisha ncha za vidole kwenye kiganja. Watoto wanaiga hewani wakihesabu polepole hadi ishirini. Kasoksi anafuata kwa kichwa. Wakifika kumi, anatorokea sahani. Shosho anakohoa. Kasoksi anarudi.)

Ona vile maagizo ni marefu kuliko maneno ya kusemwa. Hiyo si makosa. Kile kimya cha hesabu ya tano kitakutisha, utadhani umesahau mistari, lakini ndipo mtoto anapata nafasi ya kujibu. Hesabu ya ishirini ni zile sekunde ishirini za kusugua kwa sabuni ambazo wataalamu wa afya hushauri. Na Kasoksi anatoroka kwa kumi kwa sababu hapo ndipo watoto huchoka. Wanamcheka, wanamrudisha, na wao wenyewe wanamaliza.

Kuhusu sauti, usitegemee nyembamba na nzito pekee, koo litakauka kabla ya dakika kumi. Tofautisha kwa mwendo: Kasoksi anakimbia na maneno, Shosho anayatafuna. Mdomo nao ufunguke kwa kushusha kidole gumba, si kwa kuinua vidole vinne, la sivyo kikaragosi ataongea na dari. Ukishindwa kufuata kila silabi, fungua zaidi pale mkazo ulipo: sa-BU-ni.

Kitu kingine nilitoa kabisa ni kijidudu. Nilikuwa na mmoja wa sauti ya kukwaruza, mwenye vichekesho vyote vya shoo. Watoto walimpenda yeye. Walitoka wakiiga kicheko chake, na hakuna aliyetaja sabuni. Ukimpa adui mistari yote mizuri, watoto watamshangilia adui, bana.

Kwa hivyo usipime skripti yako kwa makofi. Simama karibu na mtungi baada ya shoo, uangalie vidole gumba. Kama havisuguliwi, rudi kwa maagizo yako. Na kama mtungini hakuna sabuni, basi hata skripti kali namna gani haitasaidia, kwa sababu umewafunza kitu ambacho hawawezi kufanya. Mimi siku hizi hubeba kipande changu. Nakitia ndani ya soksi ya pili ya ile pea, nakifunga kwa kamba kando ya mtungi, na watoto wanasugua mikono juu yake ikiwa imelowa. Wao humwita ndugu ya Kasoksi.