Usingizi Unapokataa Kuja

Juma hili tunawazungumzia wale wanaolala mapema lakini wakakesha wakigeuka-geuka kitandani kwa majuma mengi.

Tuchukue mfano wa mama wa Muhuru Bay anayenunua omena ufukweni mashua zirudipo alfajiri. Kwa kuchoka, huingia kitandani saa mbili usiku, mara tu baada ya Isha, na huamka saa kumi na moja. Hukaa kitandani saa tisa, ilhali usingizi wake wote haupiti saa sita. Saa tatu zilizobaki ni za kuwaza deni na bei, na mwili hatimaye huzoea kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza.

Dawa ya kwanza ni kupunguza muda wa kitandani. Kwa wiki moja mama huyu aandike kila asubuhi saa alizolala kwa makadirio. Akiona ni sita, basi aingie kitandani saa tano usiku na aamke saa ile ile ya kumi na moja, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usingizi ukimpita kwa kama dakika ishirini, aondoke, aketi pengine penye mwanga hafifu akileta dhikri, arudi macho yakiwa mazito. Siku za mwanzo atachoka zaidi. Hiyo ndiyo ishara kwamba hamu ya usingizi inajengeka. Akishalala karibu muda wote kwa wiki nzima, atangulize kulala kwa robo saa, na hivyo hivyo kila wiki. Muda usishuke chini ya saa tano. Kailula isizidi nusu saa, na chai ya rangi au kahawa iishie adhuhuri.

Njia hii haimfai mwenye kifafa, mwenye maradhi ya akili yenye vipindi vya msisimko, wala anayeendesha chombo au kuvua usiku. Mjamzito aulize kwanza kliniki.

Tatizo likitokea siku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, mwoneni daktari. Msingoje muda huo iwapo mtu anakoroma na pumzi kukatika, anakosa pumzi akilala chali, miguu inamsumbua asiweze kuituliza, au moyo unamwenda mbio huku akikonda. Mzazi aliyejifungua karibuni asiyelala hata mtoto akilala, na yeyote anayewaza kujidhuru, wapelekwe siku hiyo hiyo.

Tena, dawa nyingine huondoa usingizi, zikiwamo baadhi ya zile za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Usiziache; mwulize mhudumu kama zaweza kunywewa asubuhi. Wala msizoee kununua piritoni dukani ili mlale: huacha uzito wa kichwa asubuhi, na chanzo hubaki pale pale.

Mkienda kliniki, chukueni ile karatasi ya saa za kulala. Itamwambia daktari mengi kuliko maneno.