Chombo Kisirudi

Mweka hazina nilikuwa mimi, kwa hiyo naanza na hesabu. Tulikuwa watu kumi na wawili, kila mmoja alitoa shilingi 10,000. Keki ilikula 30,000, kitabu cha kujijenga 25,000, mmea wa chungu 20,000, shajara ya jalada gumu na kalamu yake 18,000, kikapu na utepe 15,000. Zilizobaki, 12,000, zilinunua kikombe kilichoandikwa TABASAMU.

Jumamosi mchana tulimvamia chumbani kwake Sinza bila taarifa, tukiimba, na mmoja wetu akirekodi. Mwenzetu alikuwa ameacha kuja darasani kwa mwezi mzima. Daktari alishamwambia jina la kinachomsumbua, sonona, na alishaanzishiwa dawa. Alitufungulia mlango, akatabasamu kwa dakika arobaini, akakata keki, akatushukuru mmoja mmoja. Baadaye sana aliniambia kwamba siku ile alikuwa na siku nne hajaoga, na kwamba tulipoondoka alilala hadi Jumatatu.

Kwenye kundi letu la WhatsApp video ile ilipendwa sana.

Nasema hivi, na najua nitawaudhi niliochanga nao: kikapu kile kilikuwa rundo la kazi za nyumbani lililofungwa utepe. Sonona haileti huzuni peke yake. Inachukua usingizi, hamu ya kula, umakini, na ule uwezo mdogo wa kuamua jambo kama kuvaa shati hili au lile. Mtu anayesoma ukurasa mmoja mara nne bila kushika kitu, sisi tukampa kurasa mia mbili, tena zinazomwambia aamke saa kumi na moja alfajiri apange malengo. Tukampa shajara, na kila ukurasa mweupe ukawa ushahidi dhidi yake. Aliandika tarehe na sentensi moja, akaifunga. Tayari alikuwa na tasnifu iliyomshinda na msimamizi aliyekuwa akimuulizia. Sisi, marafiki, tukaongeza wasimamizi kumi na wawili.

Mmea ndio unaoniuma zaidi. Niliukuta uvunguni mwa kitanda, umekauka, chungu kimegeuziwa ukutani. Aliona nimeuona. "Nilikuwa nauona kila nikiamka," alisema, "nakumbuka nimeshindwa hata kumwaga kikombe cha maji." Tulimletea kiumbe hai cha kutunza wakati kujitunza mwenyewe kulikuwa kumemshinda, kisha aone aibu kwa kifo chake.

Wanaosoma anthropolojia wanamjua Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika mwaka 1925 kwamba zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mimi sikumhitaji Mauss, nilikuwa na mama. Kwetu jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Unaweka japo maembe mawili. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo, ila ifikirie ukiwa upande wa mtu aliyelala kwa siku tatu: kuna bakuli la watu jikoni, lioshwe, litafutiwe cha kuweka, lirudishwe kwa miguu, na njiani kuna salamu. Deni la bakuli linaweza kumfanya asifungue mlango safari nyingine.

Kwa hiyo nilipoanza upya, nilianza na makopo ya aiskrimu, yale ambayo kila nyumba huyahifadhi. Wali na maharage, au ndizi za nyama iliyochambuliwa, kipimo cha mlo mmoja tu, kitu kinacholika kikiwa cha baridi kwa kijiko, bila miiba ya samaki wala mfupa wa kushughulikia. Nilikuwa natundika mfuko kwenye kitasa, naondoka, nikifika barabarani naandika: "Nimeacha chakula mlangoni. Usijibu." Hayo ya "ukihitaji chochote niambie" niliyaacha. Ukimwambia mtu hivyo umemwachia kazi yote: ajue anahitaji nini, aone kama anastahili, kisha apate ujasiri wa kuomba.

Nilikosea hata hapo. Wiki ya tatu nilimuuliza kama alikula, akasema ndiyo, na nilipokwenda nikakuta makopo mawili yana chakula kimechacha. Swali langu lilikuwa limemlazimisha kudanganya. Mengine alikuwa ameyaosha na kuyapanga, akaniomba radhi kwa kuchelewa kuyarudisha. Nikaelewa kwamba deni linaota hata kwenye kopo la plastiki. Tangu hapo nilikuwa nayachukua mwenyewe, na uchafu wake, bila neno.

Zawadi bora niliyompa ilikuwa tarakimu ishirini. Umeme wake wa LUKU ulikuwa umekwisha, akakaa gizani usiku wa pili, na pesa alikuwa nayo kwenye simu. Kilichomshinda ni kununua. Nilinunua kwa namba ya mita yake, na kwa kuwa mita iko koridoni nikaingiza mwenyewe. Taa ikawaka ndani na sikugonga.

Wenzangu walisema namdekeza, kwamba mtu asiyedaiwa kitu hatainuka. Ni kweli matibabu humdai mgonjwa. Mshauri wake alimpa kazi ya kutembea hadi dukani mara mbili kwa wiki, na ilimsaidia. Lakini kazi ile ilipimwa na mtu mwenye ujuzi, ikapunguzwa ilipozidi. Yetu haikupimwa na yeyote. Rafiki si daktari mdogo.

Na kwamba kitu kisichodai jibu hakina nguvu, hilo limeshajaribiwa. Kule San Francisco, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Jerome Motto aliwafuata watu 843 waliowahi kulazwa kwa sonona au kwa hatari ya kujiua, wakatoka na kukataa kuendelea na matibabu. Kwa kura, nusu walitumiwa barua fupi kwa miaka mitano: tunakukumbuka, tunatumaini u mzima, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Hakuna fomu ya kujaza wala miadi. Nusu nyingine hawakutumiwa kitu. Waliopata barua walijiua kwa kiwango cha chini, na tofauti ilikuwa wazi zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Kikapu chetu kiligharimu mara ngapi ya stempu ile?

Kuna mahali makopo na umeme havifiki. Mwezi wa pili alinipa kitenge chake alichokipenda, kipya, akasema hatakihitaji. Mtu wa namna hiyo akianza kugawa vitu vyake, usishukuru ukaondoka navyo. Nilikaa chini, nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Nilikuwa nimesoma kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Alinyamaza, kisha akasema ndiyo. Usiku ule hakubaki peke yake, dawa zake nilizishika mimi, na asubuhi tulikuwa hospitali na dada yake. Kitenge nilikirudisha kabatini kwake. Sasa anakivaa.

Wiki hii mwingine katika kundi lile amenyamaza, na michango imeshaanza. Mtu ameweka picha ya shajara yenye jalada la maua. Nimeandika kwamba 10,000 yangu haiendi huko, wakanijibu kwa vile vikatuni vya kucheka. Nimemtafuta dada yake pembeni, nikamwomba namba ya mita.