46% si hukumu, ndugu zangu

Juzi mdogo wangu mmoja, mwaka wa kwanza chuoni, alinipigia simu kutoka Nakivubo, kwenye kibanda cha kuchapa karatasi. Sauti inatetemeka: "Yaya, nimekufa. Turnitin imenipa 46. Watanifukuza, na skolashipu inaenda." Kijana wa kibanda alikuwa ameshamwambia atoe elfu thelathini, ataishusha hiyo namba.

Nikamwambia asitoe hata shilingi. Funga simu, nakuja.

Tukafungua ripoti pamoja. Cha kwanza kuelewa: ile namba haisemi umeiba. Inasema tu maneno kiasi gani yanafanana na maandishi ambayo mashine inayo. Kwa nini yanafanana, hiyo ni kazi ya mtu kusoma.

Basi tukasoma rangi moja baada ya nyingine. Karibu 17 ilikuwa orodha ya vitabu. Kuna kichujio cha kuitoa, Exclude Bibliography, lakini kilikuwa hakishiki, maana juu ya orodha aliandika kichwa cha kujitungia badala ya References. Karibu 9 ilikuwa swali la mwalimu, ambalo darasa zima wamelinakili mwanzoni. 8 nyingine ni nukuu alizoziweka ndani ya alama, na chanzo ametaja. Hizo zote hazina kosa.

Ikabaki 12, na yote inatoka sehemu moja. Aya mbili kuhusu mfereji wa Nakivubo, unavyobeba maji machafu ya mji mpaka ziwa Viktoria. Nikamwuliza, hizi umeandika wewe? Akanyamaza. Alizitoa kwenye ripoti fulani, akabadilisha neno hapa na pale. Ripoti ipo kwenye orodha yake, lakini ndani ya aya hajaitaja.

Hapo ndipo shida, si kwenye 46. Mtu anaweza kupata 12 tupu, akafurahi, kumbe yote ni aya za mwenzake. Na yule wa kibanda angefanya nini? Angebadilisha maneno zaidi, namba ishuke, wizi ubaki palepale. Mwalimu akiona maneno ya ajabu ajabu, anajua.

Tulifanya hivi: akafunga ile ripoti, akanieleza kwa mdomo mfereji unapita wapi na unaharibu nini. Anaujua, anauvuka kila siku. Akaandika alichosema, akataja ripoti pale alipochukua takwimu. Kichwa cha orodha akakirekebisha. Aliporudisha kazi ikasoma karibu 17, na akalala usingizi.

Mimi naona vyuo vinakosea vikitupa namba bila kutufundisha kuisoma. Wengi wetu hatujawahi kukutana na kitu hiki shuleni kambini. Lakini na sisi tusikimbilie kununua namba ndogo. Fungua ripoti, uliza kila rangi: haya maneno ni ya nani, na nimesema ni ya nani?