Eleza leso iliyo mkononi, si picha iliyo kwenye simu

Mpenzi msomaji, je, umewahi kununua kitambaa kwa kutazama picha tu, kisha kilipofika ukadhani umeletewa mzigo wa mtu mwingine? Na wewe unayeuza, je, umewahi kurudishiwa mali na kuitwa mwongo, ilhali moyoni wajua hukukusudia kumdanganya yeyote?

Mpwa wangu ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, naye hujiongezea karo kwa kuuza leso. Huletewa mzigo kutoka Mtaa wa Biashara kule Mombasa, akapiga picha na kuzituma kwa wateja kwa simu. Mapema mwaka huu mama mmoja wa Nakuru aliagiza doti 8 kwa shilingi 800 kila doti, ziwe sare ya kina mama katika arusi ya bintiye. Tangazo lilisema: "Leso buluu na nyeupe, maua ya kupendeza."

Mzigo ulipofika, simu ililia.

"Mwanangu," mama yule alisema, "hapa nimefungua zambarau. Mimi niliagiza buluu. Hema ni buluu, mapambo ni buluu, na arusi ni Jumamosi. Sasa nitawaambia nini dada zangu?"

Mpwa wangu aliomba radhi na kurudisha shilingi 6,400. Nauli ya kupeleka mzigo na ya kuurudisha aliilipa yeye. Kisha akaja kwangu akiwa amenuna.

"Shangazi, mimi sikudanganya. Tazama picha mwenyewe."

Nilitazama. Kwenye simu yake leso ilikuwa buluu kabisa, hata mimi ningeapa. Nikaichukua leso yenyewe, nikasimama nayo mlangoni penye mwanga wa mchana. Ilikuwa zambarau. Nikamuuliza swali moja tu: "Ulipoandika tangazo, ulikuwa ukitazama nini?"

Akanyamaza kidogo. "Picha," akasema.

Hapo ndipo penye kosa, msomaji, na wauzaji wengi hulifanya bila kujua. Picha ikikosea, maneno yako ndiyo yanayopaswa kuisahihisha. Lakini ukiandika maneno huku ukiitazama picha, basi umelirudia kosa la kamera kwa kalamu yako, na mnunuzi hana tena pa kushika.

Kwa nini kamera hukosea? Kamera ya simu haijui rangi ya kitambaa chako. Hukisia mwanga uliopo ni wa namna gani, kisha hubadilisha rangi zote ili kitu inachodhani ni cheupe kionekane cheupe. Leso ya rangi moja iliyokolea ikijaza picha nzima, kamera hukosa mahali pa kulinganishia na kubahatisha. Zambarau ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa ni mchanganyiko wa wekundu na ubuluu. Mara nyingi kamera huupunguza wekundu ule, na kinachobaki ni buluu. Vivyo hivyo kitambaa cheusi huelekea kutoka kijivu, na cheupe hufifia, kwa sababu kamera hupenda kila picha iwe na mwanga wa wastani.

Mwanga nao una mambo yake. Chini ya balbu ya manjano, nyeupe hugeuka rangi ya maziwa, na buluu iliyokolea huwezi kuitenga na nyeusi. Chini ya turubai la buluu kama yale yanayofunika vibanda vya soko, kila kitu hupakwa ubuluu. Isitoshe, vitambaa viwili vilivyotiwa rangi tofauti vinaweza kufanana ndani ya duka kisha vikaachana mkifika nje. Fundi mzoefu akikuomba utoke na kitambaa mlangoni kabla hajakata, hakusumbui. Amewahi kuona mambo.

Tena kuna kioo cha simu ya mnunuzi, ambacho wewe huwezi kukigusa. Simu moja hukoleza rangi mno, nyingine huzififisha. Mmoja amepunguza mwanga ili kuokoa betri. Mwingine hutazama usiku akiwa amewasha ule mwanga wa manjano wa kupumzisha macho. Picha ile ile hufika kwa watu kumi ikiwa na sura kadhaa, na kila mmoja huamini yake.

Mpwa wangu nami tulikaa tukaanza upya. Kwanza tulitoa leso kwenye kivuli karibu na dirisha, mchana, mbali na ukuta wenye rangi kali, kwa maana ukuta wa kijani kibichi hurusha ukijani juu ya kitambaa. Tulizima taa ya kamera na kila kitu kinachonogesha picha. Tuliweka karatasi nyeupe ya kawaida kando ya leso, ionekane pichani. Karatasi hiyo huisaidia kamera kidogo, lakini zaidi humsaidia mnunuzi. Akiona karatasi imegeuka manjano kwenye simu yake, atajua kuwa leso nayo imegeuzwa.

Pili, tuliiweka simu mbali, tukaandika tukiitazama leso. Jina la rangi peke yake halitoshi. "Nyekundu" ni ya nyanya mbivu, na pia kuna atakayeiita hivyo ile nzito iitwayo damu ya mzee. Kwa hiyo tulijiuliza mambo matatu. Ni rangi gani? Imekolea au imefifia? Inaegemea upande gani? Swali hili la tatu ndilo lenye kazi kubwa, kwa sababu kila rangi ina jirani wawili. Zambarau hukaa kati ya nyekundu na buluu, na ukisema inaegemea upi, umefunga mlango wa kosa lililotukuta.

Ukitaka kufananisha, chagua kitu kisichobadilika sana. Ganda la biringanya ni zambarau iliyokaribia weusi, na kila mama ameliona. Kwa waliokulia Pwani, zambarau ni ile rangi inayobaki ulimini baada ya kula tunda lenyewe. Lakini usiseme "rangi ya embe" ukaishia hapo. Embe lipi? Bichi, au lililoiva? Nyama yake, au ganda?

Tatu, tulishughulika na mapambo. Picha haina kipimo. Korosho lililochapwa kwenye leso laweza kuonekana dogo kama kidole, kumbe ni kubwa kama kiganja. Tulilaza rula juu ya leso na kupiga picha ya pili ya karibu. Tulitaja mji, yaani ile sehemu ya kati, na pindo linaloizunguka, kila moja kwa rangi zake, na tukanakili jina lililoandikwa bila kuongeza wala kupunguza herufi. Wapo wanaonunua leso kwa sababu ya jina kuliko rangi.

Kwa kitenge kuna jambo zaidi. Sema kama mapambo yana juu na chini. Ndege wote wakitazama upande mmoja, fundi hawezi kugeuza vipande atakavyo, na pengine kitambaa kitahitajika zaidi. Geuza pia upande wa ndani, useme kama rangi ni sawa au imefifia. Na ikiwa kuna mistari au miraba midogo sana, onya mapema. Miraba myembamba ya nyekundu na nyeupe huonekana waridi ukiwa mbali, na mistari iliyobanana huleta mawimbi ya ajabu kwenye kioo cha simu ambayo hayapo kabisa kwenye kitambaa.

Tangazo jipya lilitoka hivi:

"Leso ya pamba, doti moja, kila kipande sentimita 150 kwa 110. Mji ni zambarau iliyokolea, inaegemea wekundu, si buluu. Una vidoa vyeupe vya sentimita 1. Pindo ni jeupe lenye korosho za zambarau, kila moja urefu wa sentimita 9. Kwenye picha inaonekana buluu kuliko ilivyo. Fuata maneno haya. Kuna alama ndogo ya wino kwenye pembe moja, tazama picha ya tatu."

Mpwa wangu hakuipenda sentensi ile ya picha kuonyesha buluu. "Shangazi, si nitawafukuza wateja?"

Nilimwambia atamfukuza yule anayetaka buluu, na huyo ndiye angemrudishia mzigo. Doti zile 8 ziliuzwa polepole, moja moja, na hakuna iliyorudi. Fauka ya hayo, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 hapa Kenya inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Mnunuzi aliyesoma "buluu" akaletewa zambarau ana neno la kusema, hata kama mkosaji wa kwanza ni kamera.

Na wewe mnunuzi, usikae tu ukilaumu. Kabla ya kulipa, ongeza mwanga wa kioo chako na uzime ule wa manjano. Omba picha iliyopigwa mchana kando ya karatasi nyeupe. Kisha uliza kwa maneno: "Inaegemea rangi gani?" Muuzaji akikujibu "ni kama unavyoiona," jua hajajibu, kwa maana hajui wewe unaona nini.

Hata hivyo, maneno yana mpaka wake. Ikiwa kitambaa lazima kilingane na kingine, kama vile sare ya arusi, au kitenge ulichoshona nusu kikaisha, hakuna picha wala maelezo yatakayotosha. Hata kiwanda kile kile chaweza kutoa mkupuo wa pili uliopishana kidogo na wa kwanza, na tofauti hiyo huonekana wazi watu wakisimama bega kwa bega. Hapo omba kipande cha mfano, hata cha upana wa vidole vinne, kitumwe kwa gari. Kwa kuwa leso haikatwi, agiza kwanza doti moja, uiweke kando ya kile unachotaka kulinganisha, mchana, mlangoni. Ikikubali, agiza zote kwa pamoja kutoka mzigo huo huo.

Yule mama wa Nakuru alipata leso za buluu kwa mwingine, siku moja kabla ya arusi. Majuzi alimwandikia mpwa wangu tena, akitaka doti 2 za rangi ya chungwa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mwanangu, kabla hujanitumia picha, ishike kwanza, uniambie unaona nini."

Tukutane Jumapili ijayo, tukijaliwa.